Niko mwaka wa kwanza, nataka kuunda roboti ya umbo la mtu inayotembea. Wakubwa, nianze na nini?

Mwana_wa_Ruashi

Jambo zenu wakubwa. Mimi niko mwaka wa kwanza politekniki hapa Lubumbashi. Tuko watu wanne na tumeamua kuunda roboti ya umbo la mtu, urefu sentimita 120, itembee kwa miguu miwili na ipokee wageni kwa Kiswahili na Kifaransa. Mwisho wa mwaka wa masomo iwe tayari.

Tumechanga tukapata dola 350. Tumepanga kuagiza servo 17 za MG996R, bodi moja ya Arduino Uno, na mirija ya aluminiamu ya mifupa. Arduino tumeigusa kidogo, tumeshawasha taa na kuzungusha servo moja.

Swali letu: tuanze na kichwa ama tuanze na miguu? Na tafadhali, wa kunikatisha tamaa wapite pembeni, hao ninao tayari nyumbani.

Soda_wa_Katuba

Mdogo, anza na mifupa. Bila mifupa imara mengine yote ni hadithi. Mimi ni mtu wa kusoda na nakwambia servo hizo ni vitu vya watoto. Nenda kwa wanaovunja magari, nunua moteri za waipa. Hiyo moteri ukiishika kwa mkono haisimami. Weka moja kila goti na kila nyonga, kazi imeisha. Mirija ya chuma nitakusodea mimi mwenyewe.

Bila_Presha

Kwani Kinshasa si wana roboti za roulage tangu 2013? Alizitengeneza mama wa Kikongo, Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na timu yake. Ziko na mikono, zina taa nyekundu na kijani, zina kamera na zinakula jua. Kama zile zimewezekana, hii ya kijana inashindikana wapi?

Yaya_Vipimo

Mwana wa Ruashi, sitakukatisha tamaa, ila nitakuomba kalamu na karatasi. Mimi kazi yangu ni vipimo na otomatiki, na kila mwaka kuna wanafunzi ninaowafuatilia kazi zao. Ndoto kama yako naifahamu vizuri.

Nianze na hizo roboti za Kinshasa, maana Bila Presha amezitaja kwa haki. Ziangalie vizuri: zimefungwa pale pale kwenye njia panda. Zinageuka, zinainua mkono, zinawaka, lakini hazitembei, na huo ndio ujanja wa aliyezibuni. Kazi ilikuwa kuongoza magari, na kwa kazi hiyo miguu haihitajiki. Aliacha sehemu ngumu kuliko zote na roboti ikapata kazi.

Sasa goti lako. Roboti ya sentimita 120 yenye mirija, servo, bateri na kichwa, tuseme ni kilo 8. Nimekuhurumia hapo. Inapotembea, kuna wakati mguu mmoja uko hewani, kwa hiyo uzito karibu wote unakaa juu ya mguu mmoja. Goti likikunjwa, uzito hauko tena juu ya goti lenyewe, umesogea pembeni. Kwa mguu wa urefu huo, kusogea sentimita 10 ni kitu cha kawaida. Kilo 8 mara sentimita 10 ni kg·cm 80. Hiyo ndiyo nguvu ya kuzungusha ambayo servo ya goti inadaiwa.

MG996R wanaiandika kg·cm 11 kwa volti 6. Na hiyo 11 ni ya servo iliyokwama, inayosukuma bila kusogea, inayochemka. Ukitaka iishi, ihesabie nne au tano. Unadaiwa 80, mfukoni una tano.

Soda wa Katuba yuko sawa nusu. Moteri ya waipa ina nguvu hiyo kweli. Lakini moja peke yake inakaribia kilo au inapita. Weka kwenye magoti mawili na nyonga mbili, kilo 8 tuliyohesabu imeshakufa, imekuwa kumi na kitu, na zile 80 zimepanda nazo. Halafu moteri ya waipa haijui iko kwenye pembe gani. Servo ukiiambia nenda nyuzi 40, inaenda na kukaa. Waipa inajua kuzunguka tu. Itabidi uifungie kihisi cha pembe kila kiungo na uandike mwenyewe programu ya kuisimamisha.

Jambo la mwisho kwa leo. Servo moja ya aina hiyo ikikwama hunywa karibu ampea 2.5. Kumi na saba zikikaza pamoja ni ampea 42 na ushee. Ile pini ya 5V ya Arduino ukiwa kwenye USB haivuki nusu ampea. Ukiunganisha servo mbili tatu hapo utaona taa ya bodi inazimika na kuwaka upya, na servo zote zinaruka kurudi mwanzo. Wengi hudhani programu ina kosa wakakesha wakiisoma, kumbe bodi inakosa umeme na kujizima.

Mama_Vifaranga

Yaya samahani, hapo umenigusa. Mimi nina mashine ya kuangulia mayai, servo ndiyo inageuza trei. Inatetemeka usiku kucha na mara nyingine saa ya mashine inarudi sifuri. Fundi ameniuzia servo mpya, bado inatetemeka. Roboti yenu mnaiweka bateri gani?

Yaya_Vipimo

Mama, servo yako yaelekea ni nzima. Ipe umeme wake peke yake, volti 5 au 6 yenye ampea za kutosha, usiutoe kwenye bodi. Kisha waya hasi wa umeme huo uunganishe na waya hasi wa bodi, wengi husahau huo na ishara inapotea. Kama bado inatetemeka, angalia trei imesawazika. Trei nzito upande mmoja inaifanya servo ipigane nayo bila kupumzika.

Mwana_wa_Ruashi

Yaya asante, hesabu nimeirudia na wenzangu, imekubali. Lakini mbona kwenye video kuna roboti za servo 17, aina hii hii, na zinatembea hadi kucheza mpira? Hao wamefanyaje?

Yaya_Vipimo

Swali zuri, na jibu lake ndilo litakuokolea hela. Zipime kwa macho: ziko kwenye sentimita 35 hadi 40.

Chukua roboti yako ya kilo 8 uipunguze nusu kila upande, urefu, upana na unene. Uzito hauwi nusu, unakuwa sehemu moja ya nane, yaani kilo 1. Na ile sentimita 10 ya goti inakuwa 5. Kilo 1 mara 5 ni kg·cm 5. Umepunguza urefu mara mbili, deni la goti limeshuka mara kumi na sita. Kwa njia hiyo hiyo, kila sentimita unayoongeza kwenda juu inaumiza zaidi ya ile iliyotangulia.

Ila usishangilie mapema. Servo hazipungui nusu. Moja ni gramu 55, kumi na saba ni gramu 935, kilo karibu imeisha kabla hujaweka bateri wala kipande cha aluminiamu. Kwa ukweli itafika kilo 1.7, na goti litadai 8 na nusu. Servo ya 11 inaweza, lakini iko ukingoni. Ndiyo sababu ukiziona kwa karibu magoti yanatetemeka, na baada ya dakika chache servo huwezi kuigusa kwa moto.

Na hata hizo, nyingi hazijui kama zinaanguka. Mtu amekaa akaandika mikao mmoja mmoja, servo ya kwanza nyuzi 90, ya pili 75, na roboti inairudia kama ilivyokariri. Iweke kwenye saruji yenye mawimbi kama sakafu zetu, inaanguka, na ikiwa chini miguu inaendelea kutembea hewani. Honda walianza na miguu tu mwaka 1986, mashine yao ya kwanza ilitumia karibu sekunde 5 kwa hatua moja. ASIMO ilitokea mwaka 2000. Miaka kumi na minne, na hao ni watu wenye kiwanda.

Kwa hiyo kichwa na miguu viache vyote. Chukua kile kitu kimoja ambacho bila hicho hakuna roboti itakayosimama, usawa, ukijenge peke yake. Roboti ya magurudumu mawili, inayosimama wima bila kushikwa, urefu kama sentimita 25. Vifaa: hiyo hiyo Uno, kihisi cha MPU6050, bodi ya kuendesha moteri, moteri mbili na bateri. Gharama yake haitafika hata robo ya dola 350.

Soda_wa_Katuba

Yaya, kwa heshima, hiyo ni gari ya kuchezea. Mtoto ameomba mtu, unampa magurudumu.

Yaya_Vipimo

Soda, fanya jaribio. Simamisha kalamu kwenye ncha ya kidole. Halafu simamisha fimbo ya ufagio. Kalamu inakuponyoka kabla hujafikiri, ufagio unaweza kuubembeleza hata nusu dakika. Kitu kirefu huanguka polepole zaidi. Hiyo gari ya kuchezea inaanguka kama kalamu, mara nyingi kwa dakika, na lazima programu iiwahi kila mara. Mtu wa sentimita 120 angekuwa mwepesi kumwahi, ila moteri za kumshika hatuna.

Ndiyo maana, Mwana wa Ruashi, bateri usiifunge chini. Ipandishe juu. Watu wote huiweka chini wakidhani itatulia kama gari. Kwa magurudumu mawili ni kinyume, ikiwa chini inaanguka haraka kuliko programu yako. Usizidishe pia, maana ukiipandisha sana moteri itadaiwa zaidi. Ni ile ile hesabu ya goti: roboti ya gramu 900, uzito wake umekaa sentimita 12 juu ya ekseli, imeinama nyuzi 10. Sine ya 10 ni 0.17. Zidisha 0.9 kwa 12 kwa 0.17, unapata kg·cm 1.8 na kidogo, gawa kwa magurudumu mawili, kila moteri inadaiwa chini ya moja. Sasa umeingia kwenye deni unaloweza kulipa.

Moteri zile za njano za plastiki usinunue. Hapo zingejikakamua mpaka mwisho, na ubaya mkubwa ni meno yao. Shika gurudumu, lisogeze mbele na nyuma kwa vidole: linacheza kabla gia haijashika. Roboti inapobadilisha upande, kwa muda huo wote haina gurudumu. Tafuta zenye gia za chuma, zile za milimita 25.

Programu yenyewe, moyo wake ni mistari mitatu:

```
pembe = 0.98*(pembe + gyro*dt) + 0.02*pembe_acc;
kosa  = pembe - sifuri;
nguvu = Kp*kosa + Kd*gyro;
```

Mstari wa kwanza unachanganya mashahidi wawili waliomo ndani ya MPU6050. Jiro inasema ukweli wa sasa hivi lakini polepole inateleza, ukiiacha dakika tano itakwambia roboti imelala kumbe iko wima. Kihisi cha mvutano hakitelezi, ila moteri ikitikisa kidogo kinapiga kelele. Kwa hiyo unamsikiliza wa kwanza kwa 0.98 na wa pili kwa 0.02. `sifuri` ni pembe ya kusimama wima, na Kp na Kd ni namba utakazozipata kwa kujaribu. Mzunguko wote uurudie kila milisekunde 10 au 5, na `delay()` usiiweke humo ndani.

Kabla ya kuiachilia, iinamishe mbele kwa mkono. Magurudumu lazima yakimbilie mbele, upande inakoangukia. Yakienda nyuma, badili alama, la sivyo itajibamiza chini kwa nguvu zake zote.

Bit_Kumi

Naongeza. Kwa nini muandike kwa mkono? Kuna maktaba ya PID tayari, unaweka Kp, Ki, Kd, kwisha. Na kama inainama upande mmoja, unaongeza Ki tu mpaka inyooke. Halafu mimi ningeanza na mkono wa viungo viwili, si magurudumu. Mkono unafundisha pembe na mikao, na ukikosea hauanguki.

Yaya_Vipimo

Maktaba itafanya kazi, sina ugomvi nayo, ila Kd yake huihesabu kutoka kwa mabadiliko ya pembe unayoipa, wakati jiro inakupa kasi ya kuanguka bure na safi zaidi. Kuhusu Ki, anza nayo sifuri. Ukiishika roboti mkononi imeinama, Ki inajumlisha kosa hilo kila mzunguko, na ukiiachilia inaruka kama imefukuzwa. Panda na Kp mpaka ianze kuyumba mbele na nyuma kwa haraka, ndipo uongeze Kd mpaka itulie.

Kuhusu mkono, ni shauri halali. Mkono usioanguka haukufundishi kuanguka, na mwenzetu anataka kutembea. Achague mwenyewe.

Bit_Kumi

Mimi bado niko na mkono. Mwaka wa kwanza hajasoma hata derivative.

Bila_Presha

Na bateri? Hapa tuna cha kununua kweli, ama tuvunje kompyuta za zamani?

Soda_wa_Katuba

Watu huvunja. Lakini pima kila seli. Iliyoshuka chini ya volti 2.5 usiirudishe kwenye chaja, tupa. Na usisode waya moja kwa moja kwenye seli, mimi mwenye kazi hiyo nakwambia. Nunua kile kiboksi chenye springi.

Mwana_wa_Ruashi

Wakubwa, tumerudi. Wenzangu wawili walitaka mkono kama Bit Kumi, tumepiga kura ikawa sare, mwenye kompyuta akaamua. Magurudumu.

Imesimama! Lakini kuna mawili. La kwanza, mara kwa mara inashikwa wazimu, magurudumu yanakimbia kwa nguvu zote upande mmoja hata ukiilaza, mpaka tuizime. La pili, ikiwa nzima inasimama ila polepole inaelekea ukutani, siku zote upande wa ubavu wenye bateri.

Yaya_Vipimo

La kwanza, nadhani bodi imegandia kwenye kuongea na MPU6050. Kelele ya moteri inaingia kwenye nyaya za SDA na SCL, mazungumzo yanakwama, programu inasubiri jibu lisilokuja na moteri zinabaki na amri ya mwisho. Zitenge nyaya hizo mbali na za moteri na uzifupishe. Kisha baada ya `Wire.begin()` weka hii:

```
Wire.setWireTimeout(3000, true);
```

Kama Arduino IDE yako ni ya zamani itakataa, isasishe. Na uweke sharti: pembe ikivuka 40, moteri zote sifuri. Hiyo ingefaa kuwepo siku ya kwanza.

La pili, fanya hivi. Igeuze roboti yenyewe, ubavu wa bateri uangalie mlangoni badala ya ukutani. Ikiendelea kwenda ukutani, sakafu yenu imeinama. Ikielekea mlangoni, roboti haijui wima wake uko wapi.

Mwana_wa_Ruashi

Imeelekea mlangoni. Tumebadilisha `sifuri` kutoka 0 hadi -1.4, sasa inakaa muda mrefu. Lakini bado inateleza, safari hii mara huku mara kule.

Yaya_Vipimo

Vizuri, hiyo ni hali nyingine. Hakuna mstari hata mmoja kwenye programu yenu unaojua magurudumu yamefika wapi. Mnaiambia isimame wima, inasimama wima. Kusimama wima huku inatembea polepole kwake si kosa. Mnahitaji enkoda, kihisi kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, ili kasi ya magurudumu isahihishe `sifuri` kidogo kidogo: ikienda mbele, unaiambia wima uko nyuma kidogo.

Bit_Kumi

Si lazima enkoda. Jumlisha `nguvu` mnayotuma kwa moteri, wastani wake unakwambia kasi. Bure kabisa.

Yaya_Vipimo

Bateri ikiwa imejaa, labda. Ikishuka, nguvu ile ile inatoa kasi nyingine. Jaribuni zote mbili mtuambie.

Mwana_wa_Ruashi

Yaya, moteri zetu kila moja ina nyaya sita na tumetumia mbili tu. Zile nne zilizobaki ndizo enkoda?

Yaya_Vipimo

Ndizo. Mbili ni umeme wake, mbili ni ishara. Rangi hutofautiana, soma alama zilizoandikwa kwenye kisahani cha nyuma kabla ya kuunganisha, ukigeuza umeme unaiua. Ishara moja ya gurudumu la kushoto iende pini 2, moja ya kulia iende pini 3, hizo ndizo Uno inaweza kuzisikia papo hapo. Zilizobaki zinatosha pini yoyote, kazi yake ni kukwambia upande tu.

Soda_wa_Katuba

Na mkimaliza hiyo mniletee vipimo vya ubavu wake, huo ubao mliofungia umeshapinda. Nitawakatia aluminiamu.